Kurebalansi potifolio kila mwaka: faida inaongezeka kweli?

"Hivi ukirebalansi potifolio yako kila mwaka si ndo unapata faida zaidi, maana unauza kilichopanda na kununua kilichoshuka?"

Hapana, sio lazima. Kurebalansi ni kurudisha potifolio, yaani mkusanyiko wa mali ulizowekeza, kwenye mgawanyo ulioanza nao, na soko likipanda miaka mfululizo utaambulia pungufu kuliko aliyelala usingizi. Kinachobadilika kwa uhakika zaidi ni riski. Mimi mwenyewe nilikuwa nabisha kwamba ni faida, na nilibisha kwa sauti kubwa, kwa hiyo tuanze na riski kwanza aibu yangu itakuja.

Fikiria mtu ana mbuzi na ghala la mahindi, nusu kwa nusu ya mali yake. Mbuzi wanazaana, mahindi yanakaa tu pale pale, miaka mitano baadae huyu ni mfugaji mkubwa na hakuna siku alikaa chini akaamua kuwa mfugaji, mbuzi ndo wamemuamulia. Ugonjwa ukiingia zizini anaumia kama mfugaji, sio kama yule mwenye nusu nusu wa mwanzo.

Sasa weka hela. Una milioni 10, milioni 6 kwenye hisa na milioni 4 kwenye hatifungani. Tuseme hisa zinapanda 20% kila mwaka na hatifungani 5% (ni za mfano tu, soko halipandi kistaarabu hivyo), riba na gawio zote zinarudi humo humo. Ukiacha miaka mitano bila kugusa unafika kama milioni 20.03, ila hisa sasa ni karibu 75% ya mali, sio 60% tena. Aliyekuwa anarudisha 60 kwa 40 kila Desemba ana milioni 19.25, yaani amekosa kama laki 8 hivi, na hapo ndo watu wanamcheka. Mwaka wa sita hisa zinaanguka 40% na hatifungani hazijasogea: asiyegusa anabaki na milioni 14.06, wa Desemba anabaki na 14.63. Mmoja kapoteza karibu 30% ya mali yake, mwingine 24%. Ile laki 8 ilikuwa kama bima, na bima huwa inauma mpaka siku nyumba inaungua.

Haya, aibu yangu. Nilidhani "uza juu nunua chini" ni mashine ya faida, na kuna mahesabu yanayodanganya vizuri sana. Una milioni 1 kwenye hisa na milioni 1 keshi. Mwaka wa kwanza hisa inapanda mara mbili, una milioni 3, unagawa upya milioni 1.5 kila upande. Mwaka wa pili hisa inarudi nusu, ilipoanzia kabisa. Aliyerebalansi ana milioni 2.25 wakati asiyegusa yuko na milioni 2 zake zilezile, yaani hisa haijaenda popote halafu wewe umepata robo milioni! Nilipoiona hii mara ya kwanza nilijiona nimegundua mgodi.

Ila rudia mwaka wa pili tena, safari hii hisa ipande mara mbili nyingine. Aliyerebalansi ana milioni 4.5, asiyegusa ana 5. Kitendo ni kilekile, Desemba ileile. Kwa hiyo kurebalansi kunakulipa pale bei zinapoyumba na kurudi, na kunakukata pale zinaposhika njia moja na kwenda nayo. Na njia moja ya kushuka ndo mbaya zaidi, muulize aliyekuwa Japani: Nikkei, kipimo cha bei za hisa za kule, ilifika kileleni mwisho wa 1989 na kilele kile kilipitwa 2024, sasa hebu fikiria kila Desemba unachota kwenye hatifungani kuongezea hisa zinazozidi kushuka.

Halafu hiyo "mara moja kwa mwaka" haina uchawi wowote. Hisa za Marekani ziligusa chini kabisa Machi 2009, aliyerebalansi mwezi ule alinunua bei ambayo wa Desemba hakuiona tena, na hiyo ni bahati ya kalenda tu, sio akili. Mwaka unapendwa kwa sababu kila mwezi utamnenepesha dalali. Ada ikiwa 2% kwenye kuuza na 2% kwenye kununua, kuhamisha milioni 1 kunakula kama elfu 40, na hatifungani ya miaka 20 nayo kuipatia mnunuzi sio kama kuuza nyanya.

Ndo maana siku hizi karibu siuzi kitu. Riba ya hatifungani ikiingia nanunulia upande uliobaki nyuma, na akiba ya mwezi naielekeza hukohuko. Desemba nafungua simu naangalia asilimia, kama hisa zimetoka 60 zikafika 63 nafunga naenda kula, zikigonga 66 hapo ndo nampigia dalali.