Mbona ejensi hazijibu imeili ya edita anayetaka kazi zao za ziada?

"Mi naediti video hapa Kampala, nimeandikia ejensi kibao kwamba kazi zikiwazidi nitawafanyia kwa jina lao, mbona hakuna hata moja inayojibu?"

Kwa sababu wengi wetu tunaandika kama tunaomba ajira. Uzoefu miaka mingapi, softiwea gani, nina bidii sana… Mwenye ejensi hana shida na hayo. Anachoogopa ni siku klayenti wake atagundua nani anakata zile video, amfuate huyo moja kwa moja kwa bei ya chini. Imeili isipougusa huo woga inapitwa tu, hata kazi zako ziwe moto.

Kwa hiyo anza na unachofanya na muda wake: "Nakata video za dakika moja za mitandao, mkinipa picha Jumatatu asubuhi mnapata toleo la kwanza Jumatano saa kumi jioni, marekebisho mawili yamo kwenye bei." Halafu ongeza kwamba huongei na klayenti wao, huweki kazi kwenye kurasa zako bila ruhusa yao ya maandishi, na utasaini mkataba wa siri wakitaka. Sampo utakazoambatisha ziwe zako mwenyewe. Ukimwonyesha kazi uliyoifanyia ejensi nyingine kwa siri, ushamwambia na yake utaionyesha wengine!

Ila ahadi bado ni maneno, siri huwa inavujia kwenye faili. Ukipakia video Google Drive ukatuma linki, mwenye faili anaonekana ni wewe, jina na imeili, na meneja mwenye haraka anaifowadi hivyo hivyo kwa klayenti. Wengi wanadhani wakipakia kwenye folda ya ejensi wamepona, kumbe folda ya kawaida ya kushirikishana haibadilishi kitu, faili uliyoipakia inabaki yako. Dawa ni wao waidaunilodi kisha waipakie upya kwa akaunti yao. Andika hilo kwenye imeili, sentensi moja tu, maana hapo ndo wanajua ushafanya hii kazi. Wenzetu wa kuandika matangazo nao hivyo hivyo, historia ya dokumenti inaonyesha nani kaandika nini, bora ejensi yenyewe itengeneze kopi mpya kwa akaunti yao.

Bei nayo. Tuseme ejensi inamchaji klayenti 900,000. Ukiwaambia 800,000 wanabaki na laki moja ya kubeba simu za klayenti, braifu inayobadilika kila siku na malipo yanayochelewa, nani atakubali? Ukisema 450,000 kuna la kuongea. Usiwaulize wanachaji ngapi lakini, taja yako tu.

Na usishangae kimya kikidumu wiki kadhaa, maana kazi bado haijawazidi. Siku edita wao akiugua utapigiwa saa tatu usiku: "Upo?"