Maji yaliyojificha kwenye mchanga: hesabu ya zege kwa mtahiniwa

Swali la zege likikupa asilimia ya unyevu wa mchanga, usilipite haraka. Nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji kwa saruji, na maji yanayohesabiwa si yale ya ndoo peke yake. Mchanga nao unakuja na yake.

Tuseme mchanganyo unataka saruji kilo 350, maji kilo 175, na mchanga kilo 700 ulioshiba maji ndani lakini uso wake ukiwa mkavu. Uwiano ni 175 ÷ 350 = 0.5. Mchanga uliopo una unyevu wa 5%, na uwezo wake wa kufyonza ni 1%. Ile 1% imekaa ndani ya chembe na haiendi kwenye saruji. Inayobaki, 4%, ndiyo maji huru: 700 × 0.04, yaani karibu kilo 28. Kwa hiyo unaongeza maji kilo 147 tu, na mchanga unaupima kilo 728, kwa sababu kilo 28 za uzito huo ni maji.

Makosa hapa ni ya aina tatu. Wapo wanaosahau kabisa na kumwaga kilo 175 zote. Uwiano unapanda hadi karibu 0.58 na nguvu inashuka. Wapo wanaotoa 5% nzima, kilo 35, na zege linakuwa kavu, gumu kushindilia. Wengine hupunguza maji vizuri lakini hawaongezi mchanga. Hili la tatu nimeliona mara nyingi kuliko yote, nalo linauma kwa sababu nusu ya kazi ilikuwa sahihi.

Nguvu yenyewe hupimwa kwa kuvunja mchemraba wa zege. Mchemraba wa milimita 150 ukivunjika kwa mzigo wa 630 kN, eneo ni 150 × 150 = 22,500 mm². Geuza kN kuwa N kwanza:

```
630 × 1000 ÷ 22500 = 28 N/mm²
```

Ukipata 0.028, umesahau ile 1000. Mzigo ubebwe na nyuso zilizogusa kuta za kiboksi cha kufinyangia mchemraba, kamwe si uso uliosawazishwa kwa mwiko, kwani huo haujanyooka vya kutosha.

Kabla ya hapo mchemraba hukaa majini, kwenye nyuzi joto 20 hivi, mpaka siku ya 28. Zege haliwi gumu kwa kukauka; saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji, na unyevu ukiisha mapema muungano huo unasimama. Ndiyo maana zege lililoachwa juani bila kumwagiliwa hubaki dhaifu. Ila mchemraba uliokomaa vizuri, ukiachwa ukauke kabla tu ya kupimwa, husoma juu kuliko ukiwa umelowa. Kwa hiyo hupimwa mara unapotolewa majini, ukiwa umefutwa uso tu.