Kushuka kwa sukari usiku baada ya pombe: maana yake kwa anayetumia insulini au vidonge

Kushuka kwa sukari kunakochelewa ni hali ambayo sukari ya damu ya mgonjwa wa kisukari hushuka chini ya 4.0 (kwa kipimo cha milimoli kwa lita) saa nyingi baada ya kunywa pombe, mara nyingi usiku wa manane au asubuhi inayofuata. Hatari hiyo inaweza kuendelea hadi saa 24. Walio hatarini zaidi ni wanaotumia insulini, na wanaomeza vidonge vinavyoichochea kongosho kutoa insulini, kama vile glibenklamaidi na gliklazaidi.

Chanzo chake kiko kwenye ini. Mtu anapolala bila kula, ini hulinda sukari ya damu kwa njia mbili: hutoa sukari ya akiba liliyoihifadhi, na akiba hiyo inapopungua hutengeneza sukari mpya. Pombe huizuia njia ya pili, kwa sababu ini likiwa linaivunja pombe haliwezi kutengeneza sukari mpya kama kawaida. Mwili huondoa takriban gramu 7 hadi 10 tu za pombe kwa saa, kwa hiyo glasi tatu za mvinyo, zenye pombe ya gramu 40 na kidogo, huchukua saa nne hadi sita kwisha. Muda wote huo insulini iliyochomwa jioni inaendelea kuishusha sukari.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Dodoma mjini anayechoma insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku. Saa moja jioni anachoma dozi yake, kisha anakwenda kula nyama choma na kachumbari, bila ugali wala ndizi, na kunywa glasi tatu za mvinyo mtamu wa zabibu. Saa nne na nusu usiku anapima na kukuta 12.6. Anaona sukari imepanda, anaongeza yuniti 6 za insulini ya muda mfupi, na analala. Kipimo hicho hakikukosea, ila kilionyesha utamu wa mvinyo uliokuwa ukipita kwenye damu saa ile, wala hakikuweza kuonyesha kwamba ini lilikuwa limezuiwa. Nyama haikumpa wanga wa kumsaidia alfajiri, na sehemu ya insulini ya jioni inayofanya kazi polepole huwa na nguvu kubwa saa hizo hizo za usiku. Ikifika saa tisa usiku, sukari yake ni 2.4.

Kosa lililo zito zaidi hapa, kwa maoni yangu, ni zile yuniti 6. Sukari iliyopandishwa na pombe tamu haifukuzwi kwa insulini ya ziada wakati wa kulala, isipokuwa daktari wake amempa maelekezo mahususi. Angekula ugali wa mtama au wali pamoja na nyama, akaishia kwenye glasi moja au mbili, akapima kabla ya kulala na kula kipande cha mkate au uji hata kama kipimo kilikuwa cha kawaida, kisha akaweka kengele ya kuamka kupima usiku na asubuhi asiache kula kifungua kinywa, hatari ingepungua sana. Asiyekunywa kabisa hana hatari hii, na mwenye ugonjwa wa ini au aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka anashauriwa kuacha.

Wa nyumbani wanapaswa kujua dalili, kwa kuwa kuongea ovyo, kuyumba na usingizi mzito hufanana mno na ulevi. Mtu anayelowa jasho katika usiku wa baridi wa Julai, Dodoma, anatetemeka au haamki vizuri, apimwe mara moja. Kama kipimo hakipo, ahesabiwe kuwa sukari imeshuka. Akiwa anaweza kumeza, apewe nusu chupa ya soda ya kawaida au vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, arudiwe ikiwa bado chini ya 4.0, kisha ale chakula chenye wanga. Akiwa hajitambui, asiwekewe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na kupelekwa hospitali, ambako atapewa sukari kwa mshipa. Sindano ya glukagoni, inayolisukuma ini kutoa sukari, inaweza kushindwa baada ya pombe, maana hutegemea akiba ile ile ya ini iliyokwisha.

Anayetumia glibenklamaidi asirudishwe nyumbani haraka hata akizinduka, kwani dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena. Metfomini peke yake ni nadra kuishusha sukari hivyo, lakini kunywa pombe nyingi ukiwa unaimeza huongeza hatari ya tindikali ya laktiki kujikusanya katika damu, na kutapika kusikokoma pamoja na kupumua kwa kasi ni sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo.