"Habari ya asubuhi anti," halafu kimya

Kazi yangu ni kuchambua mazungumzo, na hapa Kisumu watu huniletea simu zao nisome walichoandikiana. Swali linalorudi mara nyingi ni hili: mbona mtu anatuma salamu peke yake, halafu anangoja?

Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza omena Kibuye alinikubalia nitumie mazungumzo yake na mpwa wake aliye Nakuru, mradi nisiwataje majina. Yako hivi:

Saa moja na dakika 42 asubuhi, kijana: "Habari ya asubuhi anti."
Saa tatu na dakika 10, mama: "Nzuri sana. Mko salama?"
Dakika hiyo hiyo, kijana: "Tuko salama kabisa. Biashara je?"
Mama: "Tunasukuma tu. Mvua ilinyesha usiku, omena haikukauka."
Dakika 14 baadaye, kijana: "Pole sana anti. Siku njema."

Mama alifurahi kwamba mtoto wa dada yake amemkumbuka. Wiki mbili baadaye, wakiwa matangani, akasikia kwamba siku ile kijana alitaka kumkopa shilingi 2,000 za kodi ya nyumba. "Si angesema?" akaniuliza, na uso wake ulionyesha kwamba jambo hilo limemuuma.

Kijana alikuwa amesema, kwa njia yake. Mwaka 1968 mwanasosholojia Emanuel Schegloff alichapisha uchambuzi wa simu zipatazo 500. Karibu zote zilifuata utaratibu mmoja: anayepigiwa ndiye anayesema kwanza. Moja tu haikufuata. Anayepigiwa aliinua simu akanyamaza, basi aliyepiga akasema "Halo?" Schegloff hakuitupa simu hiyo kando. Alionyesha kwamba mlio wa simu wenyewe ni mwito, na "halo" ile ilikuwa mwito wa pili. Aliyeita akishaitikiwa, zamu inamrudia, naye anapaswa kueleza alichoitia.

Sisi tunaujua mwito huo kwa jina la hodi. Anayebisha hodi hasemi shida yake akiwa nje ya mlango, anangoja "karibu". Salamu ya kijana ilikuwa hodi. Tofauti ni kwamba mlangoni jibu huja kwa sekunde chache, na mwenye kubisha husikia sauti za watu ndani. Kwenye simu, yule kijana alikaa karibu saa moja na nusu bila kujua kama anti yuko sokoni, amekasirika, au hana chaji.

Lakini hodi haielezi yote, kwa sababu mama aliitikia na shida bado haikutajwa. Nadhani hapa ndipo penye kiini. Kuomba pesa ni kumweka mkubwa wako mahali ambapo atalazimika kutoa au kukataa, na kukataa kunawaumiza wote wawili. Kwa hiyo mwombaji huanza kwa kupima hali. "Biashara je?" lilikuwa swali la kweli, ila lilikuwa pia kipimo. Kama mama angejibu "inaenda vizuri", ombi lingefuata. Na matumaini makubwa zaidi ni kwamba mama mwenyewe angeuliza, "Kuna jambo?" Hapo ombi lingekuwa jibu la swali aliloulizwa, na aibu ingepungua sana.

Mama alitaja omena iliyolowa kwa sababu ndiyo habari aliyokuwa nayo. Kijana akaisoma kama "sina". Zile dakika 14 ndizo alizotumia kuliondoa ombi, na "siku njema" ikaufunga mlango ambao mama hakujua umefunguliwa. Alikataliwa na mtu ambaye hakukataa.

Utajuaje kama salamu imebeba jambo? Mimi hutazama mwendo. Mtu ambaye hakusalimu kwa miezi, ukimjibu anarudisha papo hapo, anauliza hali yako na hasemi chochote cha kwake, huyo mara nyingi ana jambo. Si kila mara. Wazee wengi wa Kakamega wakituma "Mulembe" wanatakia amani tu, na ukiwauliza wanataka nini utawavunjia heshima.

Ndiyo maana sikumshauri mama amwulize kijana "unataka nini?" Nilimwonyesha neno ambalo tayari tunalo: "niambie". "Tuko salama, niambie" inaitikia salamu na kurudisha zamu, na asiye na shida anaweza kujibu "nilitaka kukusalimu tu" bila kuona haya.

Jumanne iliyopita kijana alituma tena, "Habari ya asubuhi anti." Safari hii mama akajibu, "Tuko salama mwanangu, niambie." Simu ilionyesha kwamba kijana anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena. Kisha ukaingia ujumbe wa mistari sita.