Mwendo wa Mazungumzo ni Nini?

Mwendo wa mazungumzo ni kasi ya kutembea inayokufanya uheme kidogo na kuanza kutoa jasho, lakini bado unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi. Ukiweza kuimba, unatembea polepole mno. Ukisema maneno mawili matatu kisha ukasita kuvuta hewa, umezidisha.

Kwa watu wazima wengi kasi hiyo ni kama hatua 100 kwa dakika. Hata hivyo, kwa mtu mzito asiyezoea mazoezi, pumzi ndiyo kipimo cha kuaminika, hasa hapa Nairobi. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na aliyehamia juzi kutoka Mombasa huhema mapema kuliko mwenyeji.

Tuseme ni mama wa miaka 45 anayeishi Buruburu, ana kilo 95 na hushinda ameketi ofisini. Wiki mbili za kwanza atembee dakika 15 kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, akianza taratibu. Baadaye aongeze dakika 5 kila wiki hadi afike 30, ndipo aongeze siku ya nne. Wiki anayoongeza muda, kasi aiache ilivyo.

Siku za katikati ni za kupumzisha miguu. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, ilhali kano, nyayo na mifupa ya miundi huchelewa sana. Hapo ndipo wengi huumia: pumzi imeshakubali, mguu bado. Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Kisigino kikichoma kwa hatua za kwanza za asubuhi, au muundi ukizidi kuuma kadiri unavyotembea, pumzika siku kadhaa kisha urudi kwenye dakika za wiki zilizopita. Siku ya mapumziko si ya kulala kutwa. Kwenda sokoni taratibu hakuna ubaya.

Kuhusu uzito, nataka watu waelezwe ukweli mapema. Dakika 30 ni kama kilomita 2 hadi 2.5, na mama huyu atachoma takriban kalori 120 zaidi ya ambazo angetumia akiwa ameketi. Chapati moja ina zaidi ya hizo. Kilo ya mafuta mwilini ina kalori kama 7,700, kwa hiyo siku nne kwa wiki, chakula kikibaki vilevile, zitampunguzia kilo moja kwa karibu miezi minne. Akiacha pia chapati moja aliyozoea kula kila siku, inakuwa karibu kilo moja kwa mwezi.

Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Na yeyote anayebanwa kifua au kupata kizunguzungu njiani asimame hapo hapo, atafute msaada wa kufika hospitalini.