Shujaa asiyebadilika

"Mhusika wangu mkuu yuko vilevile toka mwanzo hadi mwisho, si hadithi imekufa?"

Haijakufa, bora kuna mwingine anabadilika kwa sababu yake. Tuseme Achieng ni makanga wa matatu ya Umoja, anaamini hongo si lazima, na steji nzima inaamini kinyume. Huo uongo wa steji ndio adui, kwa hivyo kazi yako si kumfunza Achieng, ni kumbana. Mwanzoni kukataa kunamgharimu tripu moja tu, katikati gari linashikwa na dereva wake anakosa karo ya mtoto, hapo Achieng ashikwe na shaka ya kweli, karibu atoe, halafu asitoe. Wengi wanaruka hapo ndo maana shujaa wao anakuwa malaika, na malaika huchosha bana.

Mabadiliko sasa mpe dereva: alikuwa anatoa mia mbili kisirisiri, mwishoni anakataa, na siku hiyo Achieng hata hayuko kwa gari. Kujua kama imeshika, mtoe Achieng kwa hadithi yote, dereva akiishia kukataa hongo vilevile, rudi uandike upya ile katikati.