Bangi kwenye mkojo: kwa nini mmoja siku tatu imeisha na mwingine mwezi mzima bado inasoma

Mama mmoja alikuja dirishani kwetu maabara na bahasha ya kaki, hasira zote ziko usoni, akaniambia "mwanangu hebu nisomee hivi, maana huyu mtoto kanidanganya." Ndani ya bahasha kuna majibu mawili ya mkojo wa kijana wake, la Jumatatu linasema hasi na la Jumatano linasema chanya, bangi. Kijana alikuwa mvutaji wa kila siku miaka kama mitatu hivi, ameacha siku kumi na moja kabla ya kipimo cha kwanza, anaapa hajagusa tena, na mama hesabu yake ni rahisi tu, Jumatatu alikuwa msafi, Jumatano mchafu, basi Jumanne kavuta. Usiku huo kijana kalala kwa shangazi yake.

Mimi nafanya kazi hii ya kupima mikojo na nakwambieni hesabu ya yule mama hata maofisa wa kampuni wanaifanya, na mara nyingi si sahihi. Ila kuelewa kwa nini, inabidi tuanze na tunachokipima.

Kinachomlewesha mtu kwenye bangi ni THC. Hiyo ikiingia mwilini inaenda kwenye ini, ini linaigeuza, mwisho wa mageuzi kinatoka kitu kinaitwa THC-COOH ambacho hakileweshi kabisa, na ndicho hicho tunakitafuta kwenye mkojo. Kwa hiyo kipimo cha mkojo hakikwambii mtu amelewa sasa hivi, wala amevuta lini, kinakwambia tu ini lake lilikutana na THC siku za nyuma. Halafu sehemu kubwa ya haya mabaki hata haipiti kwenye mkojo, inatoka na choo kikubwa, kwenye mkojo inakuja kama robo hivi au pungufu.

Sasa THC inapenda mafuta. Haiyeyuki kwenye maji kama pombe, inakimbilia kwenye mafuta ya mwili inajificha huko, inatoka kidogokidogo kurudi kwenye damu, ini linaigeuza, figo zinaitoa. Ni kama nguo na udi. Kanga ukiifukiza mara moja ukaianika, siku mbili tatu harufu imekwisha. Lakini lile kabati linalofukiziwa kila jioni mwaka mzima, hata ukiacha kufukiza leo, ukilifungua wiki ya tatu bado linanukia, maana mbao zenyewe zimeshakunywa. Anayevuta mara moja moja ni ile kanga, wa kila siku ni kabati.

Haya, siku ngapi? Mtu aliyevuta msokoto mmoja kwenye sherehe na hana kawaida hiyo, kwa stripu hizi za kawaida ambazo kiwango chake, yaani mpaka wa kusoma chanya, ni nanogramu 50 kwa mililita, mara nyingi haizidi siku tatu au nne, na wengi wanakuwa wameshatoka kabla ya hapo. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1996, wa Marilyn Huestis na wenzake, waliwavutisha watu sigara moja ya bangi iliyopimwa nguvu yake halafu wakakusanya kila mkojo. Sigara dhaifu, yenye THC asilimia 1.75, ilionekana kwa wastani wa saa kama 34. Ile yenye asilimia 3.55 ilifika wastani wa saa karibu 89, yaani siku tatu na nusu hivi. Na hapo walitumia mashine kali na kiwango cha chini zaidi, nanogramu 15. Angalieni nguvu ya msokoto ilivyobadilisha mambo, mara mbili tu ya nguvu imeongeza zaidi ya siku mbili, na bangi nyingi za siku hizi zina nguvu kuliko zile sigara za utafiti.

Kwa wa kila siku ndiyo watu wanatajiana siku 30 kama aya ya kitabu. Hiyo namba ina asili yake. Mwaka 1985 huko huko Marekani walifuatiliwa wavutaji wakubwa 86 baada ya kuacha, kiwango kilikuwa nanogramu 20, wastani ilichukua siku 16 mtu kupata hasi ya kwanza, na wastani wa siku 27 mpaka kufikia hali ya kutoa hasi siku kumi mfululizo. Mmoja alifika siku 77. Watu wakashika ile 27 na ile 77 wakaacha habari ya kiwango. Mwaka 2006 Paul Cary alipitia tafiti hizi kwa ajili ya mahakama za kesi za dawa za kulevya kule Marekani, akaonesha kwamba ukitumia kiwango cha 50 hata mvutaji wa kila siku si kawaida kuzidi siku kama kumi, na ukishusha kiwango mpaka 20 ndiyo inaenda wiki tatu hivi. Wapo wanaopitiliza, hasa wenye mwili wa mafuta mengi na waliovuta sana kwa miaka, sisi wenyewe tunawaona. Lakini mtu akikwambia "mwezi mzima" muulize kwanza kwa kiwango gani, bila hilo jibu lake halina maana.

Tena ona, hizo namba mbili za 1985, 16 na 27. Kati ya hasi ya kwanza na hasi zilizotulia kuna siku kumi na moja. Hapo katikati mtu anaweza kusoma hasi, chanya, hasi, chanya, bila kuvuta chochote. Na hapo ndipo alipoangukia kijana wa yule mama.

Sampuli zote mbili tulikuwa bado tunazo kwenye friji, nikamwambia mama subiri, tuzipitishe kwenye mashine kubwa, GC-MS, ambayo haisemi tu ndiyo au hapana, inatoa namba ya THC-COOH yenyewe. Tukapima na kreatinini. Hii kreatinini ni taka ya misuli, mwili unaitoa kwa mwendo karibu uleule kila siku, kwa hiyo ikiwa kidogo kwenye kikombe maana yake mkojo una maji mengi, ikiwa nyingi mkojo umekolea.

Mkojo wa Jumatatu ulikuwa na THC-COOH nanogramu 12 kwa mililita, kreatinini miligramu 25 kwa desilita. Wa Jumatano nanogramu 46, kreatinini 140. Ukiangalia 12 na 46 unasema imepanda karibu mara nne, kavuta huyu. Sasa gawanya. Miligramu 25 kwa desilita ni 0.25 kwa mililita, 12 gawa kwa 0.25 unapata 48. Na 46 gawa kwa 1.4 unapata kama 33. Yaani kwa kila miligramu ya kreatinini, Jumatatu kulikuwa na nanogramu 48 za mabaki ya bangi na Jumatano 33. Imeshuka, haijapanda. Kilichopanda ni ukolevu wa mkojo tu.

Nikamuuliza kijana Jumatatu alikunywa nini, akacheka kidogo, kumbe aliambiwa kijiweni anywe maji lita tatu asubuhi ile ili "asafishe." Hakusafisha chochote, aliyachanganya maji tu na kilichomo, mafuta hayaoshwi na maji. Kreatinini yake ilikuwa 25, ikishuka chini ya 20 maabara nyingi zinauandika mkojo kuwa umezimuliwa na mtu anarudishwa kutoa mwingine. Kwa hiyo ile hasi ya Jumatatu ndiyo iliyokuwa na kasoro, siyo chanya ya Jumatano. Mama alitaka kuamini karatasi ya kwanza na kulaumu ya pili, kumbe ilikuwa kinyume.

Kuna mtu atauliza, sasa namba 46 iko chini ya 50, stripu ilisomaje chanya? Stripu haikamati THC-COOH peke yake, inakamata na ndugu zake wote wanaofanana nayo, jumla yao ikivuka 50 inasoma. Mashine kubwa inahesabu mmoja tu. Ndiyo maana kwenye mashine kiwango kinashushwa mpaka 15.

Na kwa vile stripu hizi siku hizi zinauzwa mpaka famasi na watu wanapima nyumbani, nisemee na usomaji wake, maana nimeshuhudia ofisa mmoja wa kampuni ya malori ameshaandaa barua ya kumsimamisha dereva ambaye alikuwa hasi kabisa. Wengi wanaisoma kama kipimo cha mimba, mistari miwili ni "ipo." Ya bangi ni kinyume. Mistari miwili, wa C na wa T, ni hasi. Mstari mmoja wa C peke yake ni chanya. Mstari wa T ukiwa hafifu, umefifia kama alama ya penseli iliyofutwa, bado ni hasi, usianze kusema "hasi lakini ina mashaka." C isipotokea, tupa stripu, chukua nyingine. Na soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, stripu uliyoisahau juu ya meza mpaka jioni usiiamini.

Jambo jingine ambalo kwa huku kwetu ni la muhimu kuliko wanavyolichukulia wengine, ni dawa ya efavirenzi, ile ya kufubaza virusi vya Ukimwi. Mabaki yake kwenye mkojo yanaidanganya baadhi ya stripu zinasoma bangi wakati mtu hajawahi hata kuishika. Sasa hivi wengi wamehamishiwa kwenye vidonge vyenye dolutegraviri lakini wapo ambao bado wanaitumia ya zamani, na fikiria mtu huyo kazini kwake, achague kati ya kuitwa mvuta bangi au kutaja dawa anazokunywa mbele ya meneja. Halazimiki kuchagua. Aombe sampuli ileile iende GC-MS, mashine haichanganyi hivyo viwili, na majibu yatatoka bila yeye kueleza chochote.

Moshi wa jirani nao wanauliza sana. Kukaa tu pembeni ya wavutaji sehemu yenye hewa hakukufikishi 50. Inataka chumba kimefungwa, moshi mzito wa saa nzima, na hata hapo ni mtu mmoja mmoja anavuka na ni kwa saa chache tu.

Yule kijana tulimpangia arudi mara moja kwa wiki, mkojo wa asubuhi wa kwanza, bila lita tatu za maji. Wiki iliyofuata ile hesabu ya mabaki kwa kila miligramu ya kreatinini ilikuwa 11, mama akaikunja ile karatasi akaiweka ndani ya pochi, akauliza shangazi mtu anakaa mtaa gani vile, maana alisahau namba ya nyumba.